Deni Limelipwa, Mbona Limekua?

Mwaka 2022 ulipofungwa, dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 123.37 kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kenya. Mwisho wa 2023 ilikuwa imefika shilingi 156.46. Mwisho wa 2024 ilikuwa imerudi 129.29. Aliyekuwa na deni la dola katika miaka hiyo, huku vitabu vyake vikiandikwa kwa shilingi, aliona vitabu hivyo vikimwambia mambo aliyoshindwa kuyaamini. Alilipa awamu zake bila kukosa, na deni likapanda. Mwaka uliofuata akalipa vilevile, na deni likashuka kuliko alivyolipa.

Hakuna aliyechezea hesabu. Ni hatua moja inayofanywa wakati wa kufunga mwaka: kila salio la fedha za kigeni, liwe la benki au la mkopo, huthaminiwa upya kwa kiwango cha siku ya mwisho ya mwaka. Wahasibu hukiita kiwango cha kufungia. Hatua yenyewe ni fupi, kuzidisha na kutoa tu, lakini inaweza kumeza faida ya mwaka mzima. Shirika la ndege la Kenya Airways lilipata faida ya uendeshaji ya takriban shilingi bilioni 10.5 mwaka 2023, likamaliza mwaka na hasara ya karibu bilioni 22.7, na sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na kuanguka kwa shilingi mbele ya madeni yake ya fedha za kigeni. Mwaka 2024 shilingi ilipoimarika, shirika lilitangaza faida ya takriban bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Msomaji wa gazeti aliyeona namba hizo mbili zikifuatana alikuwa na haki ya kuuliza ni kipi hasa kilichobadilika.

Jibu linaonekana vizuri zaidi kwenye kampuni ndogo. Tuchukue ya mfano, ya kuwatembeza watalii, yenye ofisi Mombasa. Mishahara, mafuta na kodi ya ofisi inalipa kwa shilingi, na wateja wake wengi ni wa hapa nchini. Ina akaunti ya dola kwa ajili ya wageni wa nje, na mkopo wa dola iliouchukua kununulia magari mawili. Mwisho wa 2022 akaunti hiyo ilikuwa na dola 30,000, na mkopo ulikuwa umebaki dola 200,000.

Nimetaja matumizi na wateja wake kwa sababu hapo ndipo hesabu inapoanzia. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 21, ambayo wahasibu huitaja kama IAS 21, huuliza kwanza biashara inaishi kwa sarafu gani: bei zake zinapangwa kwa sarafu ipi, gharama zake zinatoka kwa sarafu ipi. Kwa kampuni yetu jibu ni shilingi. Ingekuwa kampuni ambayo karibu kila kitu chake, mapato na matumizi, ni dola, basi sarafu yake ingekuwa dola, na mkopo wa dola usingekuwa mkopo wa kigeni kwake hata kidogo. Kampuni haijichagulii sarafu kwa kuangalia ipi itampendezesha mkopeshaji. Mazingira ya biashara yenyewe ndiyo huamua.

Sasa tuuangalie mkopo. Dola 200,000 kwa shilingi 123.37 ni shilingi 24,674,000. Hiyo ndiyo namba iliyosimama kwenye mizania mwisho wa 2022. Mwishoni mwa Juni 2023 kampuni ililipa dola 40,000 za mkopo wenyewe, riba ikiwa kando. Siku hiyo dola ilikuwa takriban 140.50, kwa hiyo malipo yaliandikwa kama shilingi 5,620,000. Ukitoa, leja ya mkopo inabaki na shilingi 19,054,000, na hivyo ndivyo itakavyosomeka hadi Desemba.

Ila namba hiyo haina maana yoyote. Imechanganya dola 200,000 zilizohesabiwa kwa bei ya 2022 na dola 40,000 zilizohesabiwa kwa bei ya Juni 2023. Hakuna benki itakayokubali kupokea shilingi 19,054,000 na kufuta deni. Benki inadai dola 160,000, na tarehe 31 Desemba 2023 dola hizo zilikuwa na thamani ya 160,000 mara 156.46, yaani shilingi 25,033,600. Ndiyo namba ya kweli ya deni siku ya kufunga. Tofauti yake na ile ya leja ni shilingi 5,979,600, na kwa kuwa deni limeongezeka, tofauti hiyo ni hasara. Mhasibu anaandika mstari mmoja: anadebiti hasara ya ubadilishaji wa fedha shilingi 5,979,600 na kukrediti mkopo kiasi hichohicho.

Mwenye kampuni akizisoma namba hizi anaona kwamba Januari alikuwa anadaiwa milioni 24.67, akalipa milioni 5.62, na Desemba anadaiwa milioni 25.03. Ghadhabu yake ni halali. Asipofafanuliwa, atadhani ama benki inamwibia ama mhasibu wake hajui kazi.

Ufafanuzi wenyewe ni kuigawa hasara hiyo mara mbili, na naona kila taarifa ya mwaka inayopelekwa kwa mwenye biashara ingepaswa kuwa na mgawanyo huu. Sehemu ya kwanza ni ya zile dola 40,000 alizokwisha kulipa. Mwisho wa 2022 kila moja ilihesabiwa shilingi 123.37, alipolipa ikamgharimu 140.50. Tofauti ya shilingi 17.13 kwa kila dola inafanya shilingi 685,200. Hasara hii imetimia. Imeshaondoka, hairudi hata dola ikianguka kesho. Sehemu ya pili ni ya zile dola 160,000 ambazo bado anadaiwa. Kila moja imepanda kutoka 123.37 hadi 156.46, yaani shilingi 33.09, na jumla yake ni shilingi 5,294,400. Hasara hii haijatimia. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni kwa ajili yake, na itatimia kidogo kidogo kadiri awamu zitakavyolipwa, kwa bei ya dola ya siku hizo, iwe juu au chini. Ukizijumlisha mbili hizo unapata 5,979,600 ileile, na kujumlisha huko ndiko kunakomhakikishia mhasibu kwamba hesabu yake imekaa sawa.

Wengine huuliza kwa nini basi hiyo isiyotimia iingizwe kwenye faida na hasara, badala ya kusubiri siku ya kulipa. Zamani zipo nchi zilizoruhusu kuiweka kando. Sababu ya kuiingiza ni kwamba mizania inaahidi kumwonyesha msomaji deni lilivyo tarehe fulani. Mkopeshaji mwingine anayefikiria kuipa kampuni hii fedha Januari 2024 anahitaji kujua kwamba anajiunga na foleni yenye deni la milioni 25, na akionyeshwa milioni 19 atakuwa amedanganywa. Ukishaipandisha namba ya deni, upande wa pili wa mstari lazima uende mahali fulani, na kanuni inasema uende kwenye faida au hasara ya mwaka uleule. Kuna mazingira machache maalumu yanayoupeleka kwingine, kama vile mkopo unaoihusu kampuni tanzu ya nje, lakini hayaigusi kampuni ya magari mawili.

Tuje kwenye akaunti ya benki. Hapa upepo uleule unavuma upande wa pili, kwa sababu dola zilizoko benki ni mali, na dola ikipanda mali inapanda. Kampuni ilianza mwaka na dola 30,000, ambazo kwa 123.37 ni shilingi 3,701,100. Katika mwaka iliingiza dola 120,000 kutoka kwa wageni, zilizoandikwa kila moja kwa kiwango cha siku yake, jumla shilingi 16,800,000. Ikatoa dola 100,000: zile 40,000 za mkopo kwa shilingi 5,620,000, na 60,000 za riba na mambo mengine kwa shilingi 8,400,000. Leja ya dola inaonyesha kwamba zimebaki dola 50,000. Leja ya shilingi inaonyesha 6,481,100.

Dola 50,000 kwa 156.46 ni shilingi 7,823,000. Tofauti ni shilingi 1,341,900, na hii ni faida. Benki inadebitiwa, faida ya ubadilishaji inakreditiwa. Ukiweka faida hiyo dhidi ya hasara ya mkopo, mwaka 2023 umeiachia kampuni hasara ya ubadilishaji ya shilingi 4,637,700.

Nimeeleza haya kana kwamba jambo pekee linalotakiwa ni kiwango sahihi. Kwa kweli, makosa mengi ninayoyaona hayako kwenye kiwango, yako kwenye dola. Kabla ya kugusa shilingi hata moja, dola za leja lazima zilingane na dola za taarifa ya benki, senti kwa senti, na dola za mkopo zilingane na barua ya uthibitisho kutoka kwa mkopeshaji. Hatua hii ikirukwa, uthaminishaji unageuka kuwa shimo la kufukia kila kosa la mwaka.

Tuseme katika mwaka huo karani aliingiza mara mbili malipo ya dola 5,000 ya kikundi cha wageni, moja kwa moja kwenye mauzo, kwa kiwango cha 140. Leja ya dola sasa inaonyesha 55,000, na ya shilingi imezidi kwa 700,000, yaani inasoma 7,181,100. Desemba inafika, mhasibu ana haraka. Anachukua dola 50,000 za taarifa ya benki, anazidisha kwa 156.46, anapata 7,823,000, kisha anaandika tofauti yote kuwa faida ya ubadilishaji. Inakuja shilingi 641,900.

Salio la benki kwenye mizania sasa ni sahihi kabisa. Faida ya mwaka kwa jumla nayo ni sahihi, kwa sababu mauzo yamezidi kwa 700,000 na faida ya ubadilishaji imepungua kwa 700,000 hiyohiyo. Kila kitu kinapatana na kosa halionekani. Lakini mauzo yaliyotangazwa ni ya uongo, bajeti ya mwaka ujao itajengwa juu yake, na kodi itakuja vibaya kama nitakavyoonyesha. Kosa la aina hii linaweza kulala humo miaka.

Njia ya kulikamata ni kuikokotoa tofauti mara ya pili kwa njia nyingine, bila kuangalia salio la leja. Unaanza na dola za mwanzo wa mwaka na kuzizidisha kwa tofauti ya viwango viwili vya kufungia: dola 30,000 mara 33.09, sawa na 992,700. Kisha dola zilizoingia, kwa kiwango cha kufungia, toa shilingi zilivyoandikwa: 120,000 mara 156.46 ni 18,775,200, toa 16,800,000, inabaki 1,975,200. Kisha dola zilizotoka kwa njia hiyohiyo: 100,000 mara 156.46 ni 15,646,000, toa 14,020,000, inabaki 1,626,000, ambayo inapunguza kwa sababu dola hizo ziliondoka kabla bei haijapanda. Ukijumlisha mbili za kwanza na kutoa ya tatu unapata 1,341,900. Mhasibu aliyeandika 641,900 angeona hapo kwamba kuna shilingi 700,000 zisizoweza kuelezwa na kupanda kwa dola, na angerudi kwenye leja kuzitafuta. Mkaguzi mzuri wa hesabu huanza na ukokotoaji huu kabla ya kufungua faili lolote. Tofauti ya ubadilishaji isiyoelezeka kwa mwendo wa viwango ni kosa linalosubiri kupatikana.

Kuna kipimo chepesi zaidi hata kwa asiye mhasibu. Dola ikipanda ndani ya mwaka, mkopo wa dola huleta hasara na akaunti ya dola kwa kawaida huleta faida. Ikishuka, kinyume chake. Ukiona mwaka ambao dola imepanda kwa robo nzima na mkopo umeleta faida, alama ya kujumlisha na ya kutoa zimebadilishana mahali.

Sasa kiwango chenyewe. Kanuni inataka kiwango cha papo hapo cha siku ya mwisho ya kipindi. Haitaji kiwango cha wastani wa mwezi, wala kile kilichotumika kwenye bajeti, wala cha siku ambayo mhasibu amekaa kufunga vitabu. Wengi hutumia kiwango cha kati kinachotangazwa na benki kuu, na nyakati za kawaida hakuna ubaya, mradi kitumike kilekile mwaka hadi mwaka na kwa vitu vyote. Shida huja nyakati zisizo za kawaida. Mwanzoni mwa 2023, dola zilipokuwa adimu Kenya, waagizaji wa bidhaa walilalamika kwamba benki zilikuwa zikiwauzia dola kwa bei iliyozidi kile kiwango rasmi kwa shilingi kadhaa. Kwenye deni la dola 160,000, kila shilingi moja ya tofauti ni shilingi 160,000 kwenye faida. Pengo likiwa kubwa hivyo, naamini kiwango kinachostahili ni kile ambacho kampuni ingeweza kukipata kweli benki siku hiyo, na maelezo ya hesabu yaseme wazi kimetoka wapi. Kuchagua kiwango cha benki kuu kwa mkopo, kwa kuwa kiko chini, na cha benki ya biashara kwa akaunti, kwa kuwa kiko juu, ni kuipamba mizania.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mapema 2024. Januari dola ilipita shilingi 160. Februari, serikali ya Kenya ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuinunua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu ya kushindwa kulipa ikatulia, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Huo ndio msimu ambao kampuni nyingi huwa zinakamilisha hesabu za mwaka uliopita. Mkurugenzi anayesaini hesabu za 2023 mwezi Aprili 2024 anajua kwamba deni lake halina tena thamani ya milioni 25.03. Kwa shilingi 132 ni milioni 21.12. Anamwomba mhasibu atumie kiwango kipya, kwa hoja kwamba ndicho cha ukweli.

Haruhusiwi. Kanuni inayohusu mambo yaliyotokea baada ya tarehe ya kufunga, IAS 10, inatenganisha habari zinazofichua hali iliyokuwepo tarehe 31 Desemba na habari za hali iliyozaliwa baadaye. Bei ya dola ya Machi haifichui chochote kuhusu Desemba. Desemba dola ilikuwa 156.46 na kila mtu aliijua. Kushuka kwake ni tukio la 2024, na faida yake ni ya 2024. Anachoweza kufanya, na kwa badiliko kubwa kiasi hicho anapaswa kukifanya, ni kueleza kwenye maelezo ya hesabu kwamba baada ya mwaka kufungwa shilingi imeimarika na deni lingekuwa kiasi gani kwa kiwango kipya. Msomaji anapata habari zote mbili, kila moja mahali pake.

Magari nayo huleta malalamiko. Yalinunuliwa kwa dola za mkopo huohuo, na bei ya kununua gari jipya kama hayo imepanda pamoja na dola. Mwenye kampuni anauliza: mbona deni limepandishwa na magari hayakupandishwa? Sababu ni kwamba kiwango cha kufungia kinagusa tu vitu ambavyo mwishowe ni kiasi maalumu cha fedha cha kupokea au kulipa: fedha benki, mkopo, riba iliyoiva bila kulipwa, deni la mteja wa nje, ankara ya msambazaji wa nje. Gari si kiasi cha fedha. Limeandikwa kwa shilingi za siku liliponunuliwa na litabaki hivyo, likipungua kwa uchakavu. Malipo ya awali kwa msambazaji wa matairi wa Dubai nayo hayathaminiwi upya ingawa yalilipwa kwa dola, kwa kuwa kampuni inasubiri matairi, haisubiri dola. Yangekuwa malipo yanayorudishwa, yangeingia. Nakiri kuwa hapa kanuni inaiumiza kampuni ya namna hii kwa mwaka mmoja au miwili: deni linaonyesha maumivu yote ya kuanguka kwa shilingi, na mali iliyonunuliwa kwa deni hilo inakaa kimya.

Riba iliyoiva bila kulipwa ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu mara nyingi haijaingia kwenye leja yoyote siku ya kufunga. Mhasibu anaikokotoa kwa dola tangu tarehe ya malipo ya mwisho, gharama yake anaiandika kwa kiwango cha wastani cha miezi hiyo, na salio la deni la riba analiweka kwa kiwango cha kufungia.

Kisha kuna Mamlaka ya Mapato. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya, kifungu cha 4A, inaitambua hasara au faida ya ubadilishaji katika mwaka ambao imetimia. Kwa mkopo wetu maana yake ni kwamba, katika hasara ya 5,979,600, kampuni inaweza kudai 685,200 tu kwa mwaka 2023. Zile 5,294,400 zinarudishwa juu kwenye hesabu ya kodi na kusubiri. Kampuni inaweza kabisa kutangaza hasara kwa wanahisa na bado ikadaiwa kodi, na ndiyo maana ule mgawanyo wa mara mbili si pambo. Asiyeuweka mwaka kwa mwaka, awamu kwa awamu, hatakuwa na namna ya kuthibitisha mwaka 2026 kwamba hasara fulani ilitimia lini na kwa kiwango gani. Ndiyo maana pia yale mauzo yaliyoingizwa mara mbili yanauma: yametozwa kodi kama mapato kamili, wakati faida ya ubadilishaji iliyopunguzwa kwa kiasi hicho huenda sehemu yake isingetozwa mwaka huo.

Mwaka 2024 uliigeuza picha. Kampuni ilianza na deni la dola 160,000, lililosimama kwa shilingi 25,033,600. Mwishoni mwa Juni ikalipa dola 40,000 kwa takriban 129.50, shilingi 5,180,000, na leja ikabaki 19,853,600. Desemba, dola 120,000 kwa 129.29 zilikuwa shilingi 15,514,800. Tofauti ni 4,338,800, safari hii faida: 1,078,400 imetimia kwenye awamu iliyolipwa, na 3,260,400 haijatimia.

Hapa nina neno kwa wakurugenzi, na nalisema kwa uzito wote. Hizo 3,260,400 haziko benki. Ni upungufu wa deni ambalo bado halijalipwa, na dola ikirudi 156 zitatoweka kama zilivyokuja. Kugawa gawio juu yake ni kuwagawia wanahisa fedha zitakazohitajika kununulia dola za awamu zijazo. Taarifa ya mtiririko wa fedha huonyesha jambo hili waziwazi kwa anayeisoma: faida ya mkopo isiyotimia inatolewa kwenye faida ya mwaka kwa sababu si fedha iliyoingia, na badiliko la thamani ya dola zilizoko benki linawekwa kwenye mstari wake peke yake chini, ili fedha za mwanzo zipatane na za mwisho.

Kipo pia kitu ambacho namba hizi zote hazikionyeshi. Kampuni yetu inaingiza dola 120,000 kwa mwaka kutoka kwa wageni, na awamu pamoja na riba inazilipa kwa dola hizohizo. Dola ilipopanda 2023, mapato hayo nayo yalipanda kwa shilingi, ila yaliingia kwenye mauzo kidogo kidogo mwaka mzima, na ya miaka ijayo hayajaingia bado, wakati hasara ya deni lote iliandikwa kwa siku moja. Kwa kampuni hiyo, ile hasara isiyotimia ni jambo la muda zaidi kuliko la uhai. Mchukue sasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekopa dola kwa kuwa riba yake ilikuwa ndogo kuliko ya mkopo wa shilingi, naye anauza mabati na saruji kwa shilingi tupu. Hasara yake ya ubadilishaji itasomeka kwa mstari uleule, kwa maneno yaleyale, pengine kwa kiasi kilekile. Lakini kila dola ya awamu atainunua sokoni kwa bei ya siku, na anayesoma hesabu zake lazima apitie ukurasa wa mapato, atazame sarafu ya mauzo, kabla ya kuamua mstari huo una uzito gani.